Mpunga Mmoja, Bidhaa Nne: Gharama ya Kukoboa Inagawanywaje?

Mwenye mashine ya kukoboa akinunua mpunga, hanunui mchele peke yake. Mpunga ukishapita mashineni hutoka mchele mzima, hutoka chenga, hutoka pumba laini, na hutoka maganda. Vyote vinne vimelipiwa kwa bei moja ya mkulima, vimekobolewa kwa umeme uleule, na vimebebwa na vibarua walewale. Mwisho wa mwezi mhasibu anaulizwa: kilo moja ya mchele imetugharimu shilingi ngapi? Na kilo ya chenga je?

Ukweli ni kwamba maswali hayo mawili hayana jibu linaloweza kupimwa, kwa kuwa hakuna hata shilingi moja iliyotumika kwa ajili ya chenga pekee. Lakini vitabu lazima vifungwe. Mzigo uliobaki stoo unahitaji kuandikiwa thamani, na faida ya mwezi haijulikani mpaka thamani hiyo ijulikane. Kwa hiyo mhasibu hugawa gharama ile ya pamoja kwa kanuni fulani. Hana kosa kufanya hivyo. Kosa huja pale mwenye mashine anapochukua tarakimu zilizozaliwa na kanuni ile akazitumia kuamua auze nini na aache nini. Nitaeleza mgawanyo wenyewe kwanza, kisha nionyeshe unapofaa na unapopotosha.

Bidhaa zinatengana wapi

Nimechagua mpunga badala ya mahindi kwa sababu moja. Anayesaga dona hana shida hii hata kidogo: punje yote inaingia kwenye unga, na gharama yote inaangukia bidhaa moja. Anayekoboa sembe anayo kiasi, kwa kuwa anabaki na pumba mkononi. Mwenye mpunga, awe Mbarali, Kahama, Ifakara au Mwea kule Kenya, anayo kwa ukamilifu wake.

Punje ya mpunga ina ganda la nje ambalo ni takriban asilimia 20 ya uzito wake. Chini ya ganda kuna tabaka la pumba pamoja na kiini, kama asilimia 10 hivi, na kinachobaki ndicho mchele mweupe. Katika mashine za kisasa kazi hufanyika kwa hatua. Rola mbili za mpira zinazozunguka kwa kasi tofauti huvua ganda, na feni hulipuliza nje. Mchele wa kahawia huendelea hadi kwenye mashine ya kung'arisha, ambako pumba husuguliwa ikatoka. Halafu chekecheo na mitungi yenye vishimo hutenganisha punje nzima na zilizokatika. Maganda, basi, hutengana mapema, pumba katikati, na chenga mwishoni kabisa.

Mahali ambapo bidhaa huanza kutambulika kila moja kwa jina lake tuite hatua ya mtengano. Gharama zote za kabla ya hapo, yaani mpunga wenyewe, usafiri wa kuuleta, kuukausha, umeme na ujira, ni gharama ya pamoja. Gharama za baada ya hapo zina mwenyewe: mfuko wa kilo 5 wenye nembo ni wa mchele, na gunia la pumba ni la pumba. Hizo hazigombaniwi na mtu.

Si kila mashine hutenganisha vizuri hivyo. Zile za zamani za silinda ya chuma, aina ya Engelberg, zinazopatikana bado vijijini, huvua ganda na kusugua pumba kwa pamoja. Zinakata punje nyingi, na pumba yake hutoka imechanganyika na vipande vya maganda, kwa hiyo mfugaji anailipia kidogo. Hapo bidhaa zinazouzika hupungua hata kabla mhasibu hajashika kalamu. Kwa hiyo orodha ya bidhaa za pamoja huamuliwa kwanza na mashine, kisha na soko. Kitabu cha hesabu huja mwisho.

Kinachotofautisha bidhaa za pamoja na bidhaa ya ziada ni uzito wake katika mauzo. Mchele mzima na chenga huhesabiwa bidhaa za pamoja pale ambapo kila moja inaingiza fedha za maana. Pumba kwa kawaida ni bidhaa ya ziada: inauzika, lakini hakuna anayenunua mpunga ili apate pumba. Maganda mara nyingi ni taka, ingawa wachoma matofali huyachukua, na viwanda vingine huyachoma kwenye tanuri za kukaushia mpunga. Mpaka kati ya makundi haya haukuchorwa na sheria. Unahama pamoja na bei, na huko tutarudi.

Tani 10 za mpunga

Tuchukue mashine inayonunua mpunga wake yenyewe. Bei nitakazotumia ni za mfano, ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Msomaji aweke za kwake.

Imenunuliwa tani 10 za mpunga kwa shilingi 950 kwa kilo, sawa na shilingi 9,500,000. Kukoboa kumegharimu shilingi 700,000. Gharama ya pamoja ni shilingi 10,200,000. Kilichotoka ni kilo 5,200 za mchele mzima, kilo 1,300 za chenga, kilo 900 za pumba na kilo 2,000 za maganda. Kilo 600 zilizosalia ni vumbi, mawe, mapepe na maji yaliyokauka.

Kilo hizo 600 zisipitwe haraka, kwa sababu hapo ndipo wizi hujificha. Mpunga uliopokelewa ukiwa na unyevu wa asilimia 14 kisha ukakauka hadi asilimia 12 hupoteza kilo 227 katika tani 10, na hakuna aliyeiba. Uchafu ukipimwa wakati wa kupokea, unajulikana. Kinachobaki bila maelezo baada ya hayo mawili na vumbi la kawaida ndicho cha kuuliziwa. Upotevu wa kawaida hubebwa na bidhaa njema, haupewi gharama yake. Upotevu uliozidi kawaida huandikwa kuwa hasara ya kipindi hicho, usije ukapandisha gharama ya mchele ukaonekana kuwa ni jambo la kawaida. Mashine nyingi hazipimi maganda kabisa, na kwa sababu hiyo hazina njia ya kujua kama kilo 300 zilizopungua zilikuwa maganda au mchele. Kuyapima kila siku si lazima. Kupima mikupuo michache kila msimu kunatosha kupata uwiano wa kulinganishia.

Tuendelee. Mchele unauzwa shilingi 2,000 kwa kilo, jumla 10,400,000. Chenga shilingi 1,000, jumla 1,300,000. Pumba shilingi 400, jumla 360,000, lakini magunia na ubebaji wake ni shilingi 60,000, kwa hiyo inayobaki ni 300,000. Maganda yanachukuliwa bure.

Pumba huanza. Kwa kuwa ni bidhaa ya ziada, haipewi sehemu ya gharama. Badala yake ile 300,000 inapunguzwa kwenye gharama ya pamoja: 10,200,000 inakuwa 9,900,000. Hii ndiyo inayogawanywa kati ya mchele na chenga. Njia hii inakubalika katika kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 2, IAS 2, aya ya 14, kinachofuatwa Kenya tangu 1999 na Tanzania tangu 2004. Aya hiyo inasema gharama zisizoweza kutenganishwa zigawanywe kwa msingi wenye mantiki na usiobadilikabadilika, ikitaja thamani ya mauzo kama mfano, na kwamba bidhaa ya ziada yenye thamani ndogo mara nyingi hupimwa kwa kile itakachouzwa baada ya kutoa gharama za kuiuza, kisha kiasi hicho hukatwa kwenye gharama ya bidhaa kuu.

Kwa mizani au kwa bei

Njia ya kwanza inayomjia mtu ni mizani. Mchele kilo 5,200, chenga kilo 1,300, jumla kilo 6,500. Mchele ni asilimia 80, chenga asilimia 20. Basi mchele ubebe shilingi 7,920,000 na chenga shilingi 1,980,000. Kila kilo, iwe nzima au imekatika, imegharimu takriban shilingi 1,523.

Angalia matokeo yake. Mchele umeuzwa 10,400,000, umepata faida ya 2,480,000. Chenga zimeuzwa 1,300,000, zimepata hasara ya 680,000. Mwenye mashine anaitazama taarifa hiyo na kusema chenga zinamla. Lakini zinamlaje? Akizitupa shimoni leo, mpunga haupungui bei, umeme haupungui, na zile 1,300,000 zinatoweka. Hasara ile haipo stoo wala haipo sokoni. Imetengenezwa na dhana kwamba kilo ni kilo, ilhali mnunuzi wa Kariakoo hakubaliani na dhana hiyo hata siku moja.

Njia ya pili inagawa kwa thamani ya mauzo. Mchele 10,400,000, chenga 1,300,000, uwiano wa 8 kwa 1. Katika 9,900,000, mchele unabeba 8,800,000 na chenga 1,100,000. Kilo ya mchele imegharimu kama shilingi 1,692 na ya chenga shilingi 846. Faida ya mchele ni 1,600,000 na ya chenga ni 200,000, zote mbili zikiwa kidogo zaidi ya asilimia 15 ya mauzo.

Jumla ya faida ni shilingi 1,800,000 kwa njia zote mbili, iwapo kila kitu kimeuzwa. Kinachobadilika ni sura yake tu. Mimi nasimama na njia ya pili kwa mashine ya mpunga, na sababu yangu si kwamba inagundua gharama ya kweli ya chenga. Haigundui. Sababu ni kwamba mwenye mashine alikubali kulipa 950 kwa kilo ya mpunga kwa kutazama kile ambacho mchele na chenga vitamwingizia. Fedha ilitolewa kwa kufuata thamani, basi na mgawanyo ufuate thamani.

Mizani hufaa pale ambapo bidhaa zinakaribiana bei, kwa mfano madaraja mawili ya mchele yanayotofautiana shilingi 50 kwa kilo. Hapo njia mbili zinatoa karibu jibu moja, na mizani ina faida ya kutotetereka bei zinapopanda na kushuka. Tofauti ya bei ikizidi hapo, mizani huanza kudanganya.

Ipo njia ya tatu kwa bidhaa zisizo na soko mahali zinapotengana. Mchele ukiuzwa tu baada ya kuchambuliwa na kufungashwa, unachukua bei ya mwisho, unatoa gharama za baada ya mtengano, na unagawa kwa kile kilichobaki. Mantiki yake ni ileile ya njia ya pili, imesogezwa mbele tu. Hupendelewa na viwanda vikubwa vinavyouza kwenye mifuko yenye nembo, kwa kuwa mchele wao haujawahi kuwa na bei ukiwa wazi.

Mzigo unapobaki stoo

Tofauti ya njia hizi hugeuka fedha pale mwezi unapofungwa na mzigo upo ndani. Tuseme mchele wote umeuzwa na chenga zote kilo 1,300 ziko stoo.

Kwa njia ya thamani, chenga zinaandikwa stoo kwa 1,100,000. Faida ya mwezi ni ya mchele pekee, shilingi 1,600,000. Ile 200,000 ya chenga inasubiri mpaka zitakapouzwa.

Kwa njia ya mizani, chenga zinaandikwa kwa 1,980,000, na faida ya mchele inasomeka 2,480,000. Lakini kiwango kilekile namba 2 kinakataza mzigo kuandikwa juu ya kile utakachoingiza ukiuzwa, na chenga hizi haziwezi kuingiza zaidi ya 1,300,000. Lazima thamani ishushwe kwa 680,000, na faida inabaki 1,800,000. Mhasibu asiyelijua hilo ameandika faida ya 2,480,000 na mwenye mashine amelipia kodi fedha asiyokuwa nayo. Anayelijua amesahihisha, lakini hata hivyo faida yote ya mpunga ule imeandikwa mwezi huu, ikiwemo ya chenga ambazo hazijatoka mlangoni.

Kwa hiyo ukikuta taarifa za mashine ambayo kila mwisho wa kipindi inashusha thamani ya chenga au ya daraja la chini, usiharakishe kulaumu soko. Tazama kwanza inagawa gharama kwa kitu gani.

Njia ya thamani nayo ina udhaifu wake, na hauwezi kufichwa. Msimu wa mavuno bei ya mchele ikianguka kutoka 2,000 hadi 1,600 wakati mpunga uliopo ulinunuliwa kwa 950, mauzo ya mchele yanakuwa 8,320,000. Chenga zimebaki 1,000 kwa kilo kama zilivyokuwa. Gawa tena ile 9,900,000: chenga sasa zinabeba takriban 1,338,000, sawa na shilingi 1,029 kwa kilo. Jana ziligharimu 846. Mashine ni ileile, mpunga uleule, bei ya chenga haijaguswa, na ghafla chenga zinaonekana kuuzwa kwa hasara kwa sababu mchele umeshuka. Anayejaribu kupanga bei ya chenga kwa kutazama gharama hiyo anazunguka duara, maana gharama yenyewe imetokana na bei. Dawa yake kwa upande wa vitabu ni kutumia wastani wa bei za msimu badala ya bei ya siku, na kuushika wastani huo kipindi chote. Kwa upande wa kupanga bei, hakuna dawa. Gharama ile isitumike huko.

Jambo hili wachumi walikwisha kuliona zamani. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha uchumi cha 1848, alitoa mfano wa gesi na mkaa wa koki, ambavyo hutoka pamoja kwenye makaa ya mawe. Gharama ya uzalishaji, alieleza, inaweza kutuambia jumla ya bei za vyote viwili inapaswa kuwa ngapi, lakini haiwezi kutuambia kila kimoja kiuzwe ngapi. Hilo huamuliwa na wanunuzi. Mchele na chenga haviko tofauti na hapo.

Pumba inapoacha kuwa ya ziada

Katika mfano wetu pumba iliingiza 300,000 na ikakatwa kwenye gharama. Katika mauzo yanayozidi milioni 11 kiasi hicho ni kidogo, na utaratibu ule unatosha. Lakini wapo wanaoiandika pumba kuwa mapato mengineyo siku inapouzwa, na wapo wasioiandika kabisa kwa kuwa huuzwa kwa fedha taslimu pale pale mashineni. Ya kwanza inavumilika kama kiasi ni kidogo, ingawa inaacha gharama ya mchele ikiwa juu kuliko ilivyo. Ya pili haivumiliki. Katika mfano huu ile 300,000 ni moja ya sita ya faida nzima ya 1,800,000, na fedha isiyo na daftari haina mlinzi.

Pumba ya mpunga ina tabia moja ambayo mhasibu anapaswa kuijua. Ina mafuta mengi, kati ya asilimia 15 na 20 hivi, na mara inapotoka kwenye punje kimeng'enya kilichomo huanza kuyavunja. Baada ya siku chache hutoa harufu ya kuchacha, na mfugaji anayeijua anaikataa au anaipunguzia bei. Pumba iliyokaa stoo majuma mawili haifai kuandikwa kwa bei ya pumba ya leo asubuhi. Ukiona thamani ya pumba inakua mwezi hadi mwezi kwenye vitabu, nenda kainuse.

Mafuta hayohayo ndiyo yanayoweza kubadili daraja lake. India, ambako mafuta ya pumba ya mpunga hukamuliwa kwa wingi kwa matumizi ya kupikia, pumba iliyopashwa moto mapema ili isichache ni malighafi yenye soko la uhakika. Mashine inayouza huko, na kupata sehemu kubwa ya mapato yake kwa pumba, haiwezi kuendelea kuiita ya ziada. Inapaswa kubeba sehemu yake ya gharama kama mchele na chenga. Hakuna asilimia iliyoandikwa kwenye kiwango; kipimo kinachofaa ni kujiuliza kama bei ya pumba imeanza kuathiri bei unayokubali kumlipa mkulima. Ikishafika hapo, imekuwa bidhaa ya pamoja.

Lakini kuna mahali hapa Afrika Mashariki ambapo mpaka huo umekwisha kuvukwa bila watu wengi kutambua, nako ni kwenye mashine za kukobolesha. Huko mpunga si wa mwenye mashine. Mteja analeta gunia lake, analipa kwa kilo au kwa gunia, anaondoka na mchele na chenga zake, na mara nyingi pumba inabaki kwa mwenye mashine. Chukua tani zilezile 10. Akitoza shilingi 60 kwa kilo anapata 600,000, na pumba inamwachia 300,000. Pumba ni theluthi moja ya mapato yake. Gharama ya mpunga haimhusu kabisa. Gharama yake ni ile 700,000 ya kukoboa.

Tazama ada peke yake na utaona anapata hasara ya 100,000. Ongeza pumba na anapata faida ya 200,000. Maana yake ni kwamba mteja analipa kwa mikono miwili, fedha na pumba, na ada iliyoandikwa ukutani ni sehemu tu ya bei. Jirani anayetoza shilingi 80 na kumrudishia mteja pumba yake anaonekana ghali, lakini mfugaji mwenye nguruwe au kuku anajua kuwa huko ni nafuu: analipa 200,000 zaidi kwa tani 10 na kubaki na pumba ya 300,000. Gunia lilelile la pumba ni bidhaa ya ziada kwa anayenunua mpunga, na ni nguzo ya biashara kwa anayekobolea wengine. Mashine zinazofanya kazi zote mbili chini ya paa moja, na ziko nyingi, zinapaswa kuweka madaftari mawili ya pumba. Zikichanganya, pumba ya wateja itapunguza gharama ya mchele wa mwenye mashine, na ataamini mchele wake ni wa bei rahisi kuliko ulivyo.

Uamuzi wa kuuza au kusindika zaidi

Sasa tufike kwenye hatari yenyewe. Mwenye mashine anataka kusaga chenga ziwe unga wa mchele, wa vitumbua na uji. Unga utauzwa shilingi 1,450 kwa kilo ya chenga iliyoingia, na kusaga pamoja na mifuko na kilichopotea kunagharimu shilingi 350.

Mhasibu wa mizani anajumlisha: chenga 1,523, kusaga 350, jumla 1,873. Unauza 1,450. Hasara, acha. Lakini chenga hizo zikiuzwa zilivyo zinaleta 1,000, na zikisagwa zinaleta 1,450 ukitoa 350, yaani 1,100. Kusaga kunaongeza shilingi 100 kwa kila kilo, shilingi 130,000 kwa kilo zote 1,300. Ameikataa fedha iliyokuwa mkononi.

Msomaji asidhani njia ya thamani inamwokoa. Fikiria kusaga kunagharimu 500 badala ya 350. Mhasibu wa thamani anajumlisha 846 na 500, anapata 1,346, anauza 1,450, anaona faida ya shilingi 104 kwa kilo na kusema endelea. Lakini 1,450 ukitoa 500 ni 950, na chenga zingeuzwa 1,000 bila kuguswa. Kila kilo aliyosaga imempotezea shilingi 50, na kitabu kinampongeza. Kosa hili la pili ni baya kuliko la kwanza, kwa kuwa linaonekana ni faida, na linaweza kuendelea mwaka mzima bila mtu kuuliza.

Hesabu inayofaa kwa uamuzi huu haina gharama ya pamoja ndani yake. Ina vitu viwili tu: mapato yatakayoongezeka na gharama itakayoongezeka. Mpunga umekwisha kununuliwa na kukobolewa, na uamuzi wa chenga hauwezi kuurudisha. Ni vivyo hivyo kwa mchele. Ukiweza kuuuza 2,400 kwenye mifuko ya kilo 5 badala ya 2,000 ukiwa wazi, na kuchambua, mifuko na usambazaji ni 250, unaongeza 150 kwa kilo, yaani 780,000 kwa kilo 5,200, hata kama mgawanyo wa gharama ungeupa mchele shilingi yoyote ile.

Mahali pekee ambapo gharama ya pamoja inaingia kwenye uamuzi ni mwanzo kabisa, kabla ya kununua mpunga, na hapo haigawanywi. Unaweka upande mmoja kila kitu kitakachoingia: mchele, chenga, pumba, kila kimoja kwa njia yake bora ya kuuzwa. Upande wa pili unaweka mpunga na kukoboa. Kwa mfano wetu, mchele na chenga vikiuzwa bila kusindikwa zaidi, jumla ya kinachoingia ni 12,000,000 na kukoboa ni 700,000. Kwa hiyo bei ya mpunga ambayo faida inakuwa sifuri ni shilingi 1,130 kwa kilo. Namba hiyo ndiyo wakala wako anapaswa kwenda nayo shambani, na hakuna mgawanyo wowote uliohitajika kuipata.

Namba hiyo pia inaonyesha chenga zinagharimu nini kwa kweli. Kila kilo ya punje nzima inayokatika inashuka kutoka 2,000 hadi 1,000. Mpunga uliovunwa kwa kuchelewa, au ulioanikwa kwenye jua kali juu ya lami ukakauka kwa haraka, hupata nyufa ndani ya punje, na hukatika kwenye rola. Kilo 500 zikihama kutoka mchele kwenda chenga katika tani 10, mapato yanapungua kwa 500,000, na bei unayoweza kumlipa mkulima inashuka kutoka 1,130 hadi 1,080. Ripoti ya mgawanyo wa gharama haitakuonyesha hasara hiyo. Itagawa upya tu na kunyamaza. Itaonekana kwenye uwiano wa mchele na chenga wa kila mkupuo, ukipimwa na kuandikwa pamoja na jina la mahali mpunga ulikotoka.

Basi ombi langu kwa mwenye mashine na mhasibu wake ni hili. Gaweni gharama ya pamoja kwa thamani ya mauzo, kwa wastani wa bei za msimu, na msibadilishe njia kila mwaka. Itumieni tarakimu hiyo kuthaminisha stoo na kufungia vitabu. Siku mnapokaa kuamua kusaga chenga, kufungasha mchele au kumrudishia mteja pumba yake, ifungeni ripoti hiyo na mchukue karatasi nyeupe.